Andazi Lisilokunywa Mafuta

Andazi lililokaangwa sawasawa likipasuliwa huonyesha ganda jembamba la rangi ya asali iliyokolea, nyama laini yenye vitundu vidogo, na vidole vya aliyelipasua hubaki vikavu. Lililoharibika nalo halijifichi. Kuna lile lililokunywa mafuta: linang'aa, ni zito mkononi, na karatasi lililofungiwa inalowa kabla mnunuzi hajafika kwake. Kuna na lile lililopata rangi ya kuvutia, kumbe katikati limebaki na unga mbichi unaonata menoni na kunuka hamira.

Wa kwanza kulaumiwa huwa ni unga, kisha hamira, kisha mkono wa aliyekanda. Yapo maandazi yanayoharibika tangu kwenye bakuli, hilo ni kweli. Lakini donge lilelile, lililoumuka vizuri, linaweza kutoa maandazi mazuri kwenye karai moja na mabovu kwenye karai la jirani. Tofauti iko kwenye joto la mafuta, na zaidi ya hapo, iko kwenye namna mpishi anavyolishikilia joto hilo tangu andazi la kwanza hadi la mwisho.

Kinachotokea ndani ya karai huanza na maji. Donge la maandazi lina maji mengi, yawe yameingia kama maji matupu, maziwa au tui la nazi. Likitumbukizwa kwenye mafuta yenye nyuzijoto 175, maji yaliyo karibu na uso wake huchemka papo hapo na kugeuka mvuke. Vile vipovu vinavyolizunguka andazi kwa mchirizo mkali si mafuta yanayochemka, kwa kuwa mafuta ya kupikia hayachemki katika joto hilo. Ni mvuke unaotoka ndani ya andazi ukikimbilia juu. Unapotoka kwa nguvu, unayasukuma mafuta yasiingie. Kila kitundu kinachopumua mvuke ni mlango uliofungwa.

Mafuta yakiwa ya uvuguvugu, mvuke huwa dhaifu na ganda huchelewa kukaza. Donge linakaa ndani ya mafuta dakika nyingi likisubiri rangi, huku uso wake ukiwa bado laini na wazi. Hamira inatanua gesi, lakini hakuna ganda la kuizuia, kwa hiyo andazi linatambaa badala ya kufura, na mafuta yanapata njia. Ndivyo andazi linavyokunywa mafuta, na hakuna kulichuja baadaye kutakakoyatoa yote.

Kosa la pili, la katikati kubaki mbichi, linawashangaza hata wapishi wazoefu, kwa sababu mtu akiona andazi bichi hukimbilia kuongeza moto. Hapo ndipo anapozidi kuliharibu. Madhali ndani ya andazi kuna maji, sehemu iliyo chini ya ganda haiwezi kupanda juu sana ya nyuzijoto 100, yaani joto la maji yanayochemka, hata kama mafuta ya nje yana 175 au 210. Katikati kunapata joto kutoka kwenye tabaka hilo la nyuzijoto 100, na joto husafiri polepole ndani ya donge. Kwa hiyo mafuta ya moto zaidi hayaiharakishi katikati kwa kiasi cha maana. Yanachoharakisha ni rangi. Ganda linageuka hudhurungi ndani ya sekunde chache, mpishi anadanganyika na macho, anaopoa, na katikati hakujafika kwenye nyuzijoto 90 na kitu ambazo wanga huhitaji ili uive na kushikana.

Kati ya makosa hayo mawili kuna nafasi ya kufanyia kazi, nayo si pana. Kwa andazi lenye unene wa sentimeta moja kabla ya kuumuka, mafuta yakae kati ya nyuzijoto 170 na 180. Humo rangi na katikati hufika pamoja, kwa dakika mbili na nusu hadi tatu. Donge lililosukumwa jembamba zaidi, kama la mahamri ya Pwani, linastahimili mwisho wa juu wa kipimo hicho kwa kuwa katikati yake haiko mbali. Donge nene au lenye sukari nyingi linataka mwisho wa chini, pengine 165, kwa sababu sukari huwahi kukoleza rangi kabla ndani hakujaiva.

Kipimajoto cha mafuta ni chombo kizuri, na anayekipata akitumie, mradi ncha yake isiguse chini ya karai. Asiye nacho anaweza kuyasoma mafuta kwa kidonge cha donge chenye ukubwa wa punje ya hindi. Kikitua chini na kukaa hapo kikitoa kipovu kimoja kimoja, mafuta bado. Kikizama kidogo, kisha baada ya sekunde mbili au tatu kikapanda kikiwa kimezungukwa na vipovu vidogo vya mfululizo, na kikachukua karibu dakika nzima kupata rangi ya asali, mafuta yamefika. Kisipozama kabisa, kikachachamaa juujuu na kuwa cha kahawia kabla mtu hajahesabu ishirini, mafuta yamepita kiasi. Mwiko mkavu wa mbao nao hutumika: ukichovywa, vipovu vitoke kuuzunguka kwa utulivu. Usiwe na maji, maana mafuta yataruka.

Moshi si kipimo cha utayari, ingawa wako wanaosubiri mafuta yatoe moshi ndipo waanze. Mafuta mengi yaliyosafishwa kiwandani huanza kutoa moshi yakiwa yamevuka nyuzijoto 200, na wakati huo yamekwisha kuupita mpaka wa maandazi kwa mbali. Kwa upande mwingine, mafuta ya alizeti ya kukamuliwa tu, yasiyosafishwa, hutoa moshi na povu mapema sana. Mpishi anayefuata moshi atapotea njia zote mbili, kutegemea chupa aliyonunua.

Tatizo gumu zaidi huanza baada ya kipimo cha kwanza kukubali. Chukua mfano wa mpishi wa nyumbani mwenye nusu kilo ya unga wa ngano, gramu 80 za sukari, mililita 280 za tui, kijiko cha samli, hamira, chumvi kidogo na iliki. Donge hilo linatoa maandazi 17 au 18 ya gramu 50 kila moja. Karai lake lina lita moja na nusu ya mafuta, kina cha sentimeta sita katikati, na uso wa mafuta una upana wa sentimeta 24 hivi. Ameyapima, yamefika 175. Anatumbukiza maandazi tisa kwa mkupuo ili amalize kwa awamu mbili.

Kila andazi linaingia likiwa na joto la chumba, na linataka joto la kulipasha pamoja na joto la kugeuza sehemu ya maji yake kuwa mvuke. Kwa makadirio, andazi moja la gramu 50 huyapunguzia mafuta hayo nyuzijoto sita au saba hadi linapoiva, kama moto wa chini usingeongeza kitu. Tisa ni karibu nyuzijoto 60. Jiko linaongeza, bila shaka, lakini haliwezi kurudisha kwa kasi hiyo, hasa katika nusu dakika ya mwanzo ambapo maandazi yote yanadai joto kwa pamoja. Mafuta yanaanguka chini ya 150, vipovu vinanyamaza, na maandazi yanaanza kunywa. Mpishi anaona rangi haiji, anaongeza moto hadi mwisho. Mafuta yanapanda wakati awamu ya kwanza inaopolewa, na awamu ya pili inakutana na nyuzijoto 200 na zaidi. Donge moja, karai moja, na sahani inakuwa na makosa yote mawili: ya chini yanachuruzika mafuta, ya juu ni mabichi ndani.

Mpishi huyohuyo akitia manne kwa awamu, anguko linakuwa dogo, na moto wa wastani unalifidia kabla maandazi hayajageuzwa mara ya pili. Asiyatie kwa mkupuo, bali moja baada ya jingine kwa nafasi ya sekunde tano au zaidi, na baada ya kuopoa awamu asubiri kama dakika moja mafuta yarudi. Awamu tano zitamchukua dakika 20 hivi. Ile njia ya tisa tisa ingemwokolea dakika kumi, na ingemgharimu mafuta zaidi, kwa kuwa kiasi kikubwa kingeondoka ndani ya maandazi yenyewe.

Kwa gesi, kulishikilia joto ni suala la kugeuza kitufe mapema: moto upunguzwe kidogo dakika ya mwisho ya awamu, wakati maandazi yamekwisha kutoa mvuke mwingi na hayadai tena joto kama mwanzo, kisha upandishwe punde kabla ya awamu inayofuata. Mkaa hauna kitufe. Jiko la mkaa linaendelea kutoa joto hata mpishi asipotaka, kwa hiyo wanaokaanga kwa mkaa huongoza joto kwa njia nyingine. Hufunga mlango mdogo wa jiko kupunguza hewa, hutoa makaa mawili matatu kwa koleo, au hufunika sehemu ya makaa kwa majivu. Wengine hubakiza donge tayari pembeni, ili mafuta yakianza kupanda waongeze andazi moja kuyapoza. Mbinu hiyo ya mwisho ni ya busara kuliko inavyoonekana, kwa kuwa andazi bichi ndilo kipoza mafuta cha haraka kuliko vyote jikoni. Karai zito husaidia pia. Sufuria nyembamba ya alumini hupanda na kushuka joto upesi, na juu ya mkaa huwa na sehemu moja ya chini inayochoma kuliko nyingine.

Kufura sawasawa nako kuna siri yake ndani ya joto hilihili. Andazi hufura katika nusu dakika ya kwanza hivi, kabla ganda halijakaza. Gesi ya hamira inatanuka kwa joto, maji ya ndani yanageuka mvuke, na donge ambalo bado ni laini linasukumwa juu. Upande ulio ndani ya mafuta unakaza kwanza, ule ulio hewani unabaki mlaini. Likiachwa hivyo, andazi linatunga nundu upande mmoja, na likigeuzwa linabiringika na kurudi lilivyokuwa, kwa sababu upande mmoja umekuwa mzito na mwingine umejaa hewa. Kila aliyekaanga maandazi amewahi kupambana na andazi linalokataa kugeuka.

Dawa yake ni kuligeuza mapema, sekunde kumi au kumi na tano baada ya kuibuka, likiwa bado jeupe, kisha kuligeuza tena na tena. Wapishi wa mahamri huongeza jambo moja: mara hamri linapoibuka, huchota mafuta ya moto kwa kijiko na kulimwagia juu. Mafuta hayo yanaupa uso wa juu joto lilelile la chini, pande zote mbili zinaanza kukaza pamoja, na mvuke ulionaswa katikati unazitenganisha kwa nguvu sawa. Hamri linavimba kama mto mdogo, na ndani linabaki na mfuko mtupu, tayari kupokea mbaazi za nazi.

Lakini joto haliwezi kusahihisha donge lililosukumwa vibaya. Likiwa na unene wa sentimeta moja huku na nusu sentimeta kule, upande mwembamba utafura na kukauka wakati upande mnene bado unapika. Vivyo hivyo donge lililokatwa na kuachwa wazi kwenye upepo: uso wake unaota ngozi kavu, ngozi hiyo haitanuki, na mvuke unatafuta pa kupasukia, kwa kawaida ubavuni. Vipande vifunikwe kwa kitambaa vikisubiri zamu. Na unga wa kunyunyizia kibao upanguswe kabla ya kukaanga, kwa sababu unazama chini ya karai, unaungua, na kuyatia mafuta weusi na uchungu.

Kisha unakuja wakati ambao watu wengi huudharau, yaani pale andazi linapotoka karaini. Likiwa ndani ya mafuta, mvuke ulikuwa ukisukuma kwenda nje. Likitolewa, linaanza kupoa, mvuke uliobaki ndani ya vitundu unarudi kuwa maji, na nafasi uliyoiacha inavuta. Kinachovutwa ni chochote kilichoko juu ya ganda. Kama ganda limelowa mafuta, mafuta ndiyo yanayoingia. Sehemu kubwa ya mafuta yanayoliwa ndani ya vyakula vya kukaanga huingia wakati huu wa kupoa, wala si wakati wa kukaanga.

Kwa hiyo sekunde chache baada ya kuopoa zina thamani. Mpishi alinyanyue andazi kwa kijiko cha matundu, alishikilie juu ya karai, alitikise mara mbili tatu huku mafuta yakiwa bado mepesi kwa moto, ndipo aliweke kwenye chujio au wavu lilale kwa ubavu. Yasirundikwe yakiwa ya moto: ya juu huyachuruzikia ya chini, na mvuke unaonaswa katikati ya rundo hulainisha maganda. Kufunika bakuli mara moja kunaleta madhara hayohayo. Karatasi safi ya jikoni inafaa kunyonya mafuta ya juu, lakini gazeti lenye wino lisiguse chakula.

Mafuta ya zamani hayawezi kufanya kazi ya mafuta mapya hata yakifikishwa kwenye nyuzijoto ileile. Kila yanapopashwa, sehemu yake huvunjika na kuzaa vitu vinavyofanana kidogo na sabuni kwa tabia: huyafanya mafuta yashikamane zaidi na chakula chenye maji. Andazi linatoka limevaa koti zito la mafuta, na koti hilo ndilo linalovutwa ndani linapopoa. Dalili zake ni povu linalopanda na kukataa kushuka, rangi nyeusi, harufu kali, uzito kama wa sharubati, na moshi unaotokea mapema kuliko zamani. Mafuta yenye dalili hizo yamwagwe. Kuyachanganya na mapya hakuyatibu. Huyachakaza yale mapya upesi. Yasiyofikia hapo yachujwe kwa kitambaa safi yakishapoa, yafunikwe, yawekwe mahali pa giza.

Iko pia tofauti ya mahali, ambayo mpishi aliyehama kutoka Tanga kwenda Mbeya, au Mombasa kwenda Nairobi, huiona bila kuambiwa sababu. Miji hiyo ya bara iko kwenye mwinuko wa takriban meta 1,700 juu ya usawa wa bahari, na huko maji huchemka karibu na nyuzijoto 94 badala ya 100. Tabaka la maji chini ya ganda linabaki na joto dogo zaidi, kwa hiyo katikati ya andazi huiva polepole huku nje kukipata rangi kama kawaida. Marekebisho yake ni kushusha mafuta kwa nyuzijoto tano hivi, hadi 165 au 170, kuongeza nusu dakika, na kusukuma donge jembamba kidogo kuliko la Pwani.

Alfajiri ijayo, mwenye karai aanze na andazi moja peke yake. Alikaange kwa dakika mbili na nusu kwa saa, alitikise, alipumzishe dakika moja, kisha alipasue katikati kabla ya kugusa mengine. Likiwa na mstari wa unga uliolowa na kunata, apunguze moto na asubiri. Likiwa limepauka na ganda lake linaacha mafuta vidoleni, aongeze moto na asubiri vilevile. Likiwa kavu nje na limekauka mate ndani, atie manne.